Kitenzi Kinachongoja Mwisho

Fundi wa kutunga mazoezi ya Kijerumani huanza na sentensi ambayo mwanafunzi ameshaizoea, akahamisha neno moja tu, akasubiri ulimi uzoee, ndipo ahamishe la pili. Naustahi ufundi huo kuliko kanuni yenyewe, kwa sababu kanuni huelezeka kwa pumzi moja. Katika kishazi huru, kitenzi kinachobeba nafsi hukaa nafasi ya pili. Katika kishazi tegemezi kinachoongozwa na weil, dass, wenn au obwohl, kitenzi hicho huenda mwisho. Kuielewa ni kazi ya dakika chache. Kuitekeleza katikati ya mazungumzo huchukua miezi.

Tumchukue Juma, anayeamka saa kumi na moja alfajiri: “Juma steht um fünf auf.” Kitenzi ni aufstehen, lakini hapa kimegawanyika: steht iko nafasi ya pili, auf iko mwisho. Sasa tuongeze ulazima: “Juma muss um fünf aufstehen.” Nafsi imehamia kwa muss, na vile vipande viwili vimeungana tena mwishoni, bila zu katikati yake. Mwanafunzi akishatulia hapo, ndipo weil inapoingia: “Juma geht früh schlafen, weil er um fünf aufstehen muss.” Juma analala mapema kwa sababu inambidi aamke saa hiyo. Katika kishazi cha weil, kilichohama ni muss peke yake, ikasimama nyuma ya aufstehen. Mtungaji angeiruka hatua ya kati, mwanafunzi angelazimika kuunganisha kitenzi, kuongeza ulazima na kubadili mpangilio kwa mkupuo mmoja, na akikosea asingejua kosa limeingilia wapi.

Kosa la kwanza tunalolitarajia kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili ni “weil er muss um fünf aufstehen”. Si uzembe. Sisi hutamka “inambidi” mapema, na msikilizaji anaujua ulazima kabla hajasikia saa wala tendo. Kosa la pili ni la mwanafunzi aliyeanza kushika: “weil er um fünf muss aufstehen”. Amekumbuka kwamba vitenzi huenda mwisho, lakini amesahau kipi hufunga mlango. Njia ya kukagua ni fupi: tazama neno la mwisho la kishazi, kisha mbadilishe mtenda. Er akiwa wir, neno hilo ndilo linalopaswa kubadilika, muss ikawa müssen. Lisipobadilika, kilichokaa mwisho sicho.

Sina imani kubwa na zoezi la maneno yaliyovurugwa yanayosubiri kupangwa. Mara nyingi mwanafunzi hulitatua kwa kuondoa yasiyofaa, na weil ikijitokeza katika kila swali, mkono hutupa kitenzi mwisho bila akili kushiriki. Mtungaji mwenye jicho huchanganya weil na denn. Zote mbili hutoa sababu, ila denn haigusi mpangilio: “denn er muss um fünf aufstehen”. Mwanafunzi analazimika kutazama kiunganishi kwanza, kisha aamue. Uamuzi huo ndio unaofundisha.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote huacha pengo mwishoni tu: “Juma freut sich, weil er morgen länger schlafen …” Anafurahi, kwa hiyo muss haifai, kesho anaweza, au anaruhusiwa, kulala zaidi: kann, au darf. Badili mwanzo uwe “Juma macht das Licht aus”, azime taa, na will inaingia vizuri: anataka kulala. Hapo mwanafunzi anaonja hali ya msikilizaji wa Kijerumani, ambaye tendo ameshalisikia lakini bado anangoja kujua kama ni la hiari, la lazima au la ruhusa. Mwisho wa sentensi unakuwa na kazi, na mwanafunzi anajifunza kutoishusha sauti kabla hajaufikia.

Kuna mahali kanuni hii yenyewe inapinda. Wakati uliopita ukiundwa kwa haben, müssen haivai umbo lake la gemusst ikiwa na kitenzi kingine, hubaki müssen: “Juma hat um fünf aufstehen müssen.” Iweke chini ya weil, na hat haiendi mwisho. Inasimama mbele ya vile viwili: “weil er um fünf hat aufstehen müssen”. Mtungaji mwema halileti umbo hili mpaka mpangilio wa kawaida umekomaa, la sivyo analibomoa alilolijenga. Hata likija, huliweka zaidi katika mazoezi ya kusoma. Kwa kusema na kuandika humpa mwanafunzi “weil er um fünf aufstehen musste”, ambayo Wajerumani wenyewe huitumia sana, na ambamo kitenzi kimerudi mwisho.