Gazeti Lenye Miaka Mitatu ya Kuzaliwa

Ukichunguza chimbuko la gazeti la The Standard la Nairobi, miaka mitatu itagombania heshima: 1902, 1905 na 1910. Mwenye pupa huchukua ule uliotajwa mara nyingi, ilhali makala kumi zilizonakiliana ni shahidi mmoja tu. Ninayemhusudu ni mtafiti anayeuliza kwanza kila mwaka unajibu swali gani.

Mwaka 1910 haumsumbui. Ndipo gazeti lilipohama Mombasa kwenda Nairobi na kuanza kutoka kila siku, na kinachohama kilikuwapo tayari. Mwaka 1905 ni mgumu zaidi, maana jina la East African Standard lilizaliwa hapo kweli. Anayelitafuta kwa jina hilo maktabani ataishia hapo akidhani amefika. Fundi husoma mpaka kale kamstari ambako mkutubi hutaja gazeti lililotangulia, na jina analolifuata ni African Standard, gazeti la kila wiki lililoanza Mombasa mwaka 1902.

Kisha huziendea nakala zenyewe. Karibu na jina la gazeti huchapwa tarehe na namba ya toleo. Gazeti la wiki likiwa toleo la 60, limeshapita mwaka mmoja, na unaweza kuhesabu kurudi nyuma hadi la kwanza. Mtego ni kwamba mmiliki mpya huweza kuanza namba upya, na wiki iliyorukwa huvuruga hesabu. Ndiyo maana fundi hulinganisha nakala mbili zilizoachana miezi kadhaa. Namba zikiongezeka sawasawa na wiki, anaziamini kwa kipindi hicho. Zisipolingana, katikati kuna jambo limetokea, nalo hulitafuta. Uvumilivu wa namna hii naupenda mno, kwa sababu hauoni aibu kurudia hesabu ya wiki moja.

Waanzilishi nao huhitaji kupambanuliwa. Fedha zilikuwa za Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyekuwa mkandarasi wa reli ya Uganda. Alimwajiri W. H. Tiller kuwa mhariri na mwandishi. Mwaka 1905 akaliuza kwa wafanyabiashara wawili Waingereza, nao wakabadilisha jina. Mimi mwanzilishi namwita Jeevanjee peke yake: Tiller aliandika kwa mshahara, na wale wawili walinunua kilichokwisha kusimama. Ukianzia 1905 unamfuta Mhindi huyu katika historia ya gazeti ambalo baadaye lilikuwa sauti ya walowezi, na kosa hilo si dogo.

Mjukuu wake, Zarina Patel, ameandika kitabu kuhusu maisha yake. Shahidi wa damu anajua mengi, ila aliandika miongo mingi baadaye, kwa hiyo maneno yake nayo hupimwa kwa karatasi za wakati ule. Baada ya hapo ndipo fundi huandika: lilianzishwa na Jeevanjee, Mombasa, 1902, likauzwa na kubadilishwa jina 1905, likawa la kila siku, Nairobi, 1910.