Wingu la Kweli Mahali Pasipo Pake: Namna ya Kuikagua Picha ya Dhoruba

Mwishoni mwa Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipokuwa kikiikaribia pwani ya mashariki ya Marekani, picha moja ilisambaa kuliko nyingi. Sanamu ya Uhuru imesimama bandarini New York, na nyuma yake limetanda wingu kubwa jeusi la mviringo, matabaka yake yamepangana kama sahani kabatini, na chini yake umebaki ukanda wa mwanga. Waliowatumia wenzao walisema ndiyo hali ya siku ile.

Wingu lenyewe lilikuwa la kweli, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya picha ile. Lilipigwa picha na Mike Hollingshead, mpiga picha anayefuatilia dhoruba, katika jimbo la Nebraska mwaka 2004, karibu kilomita 2,000 kutoka New York. Mtu mwingine alilikata akalibandika nyuma ya sanamu. Bandiko lilifanywa kwa ustadi, kiasi kwamba anayekodolea macho kingo za sanamu akitafuta alama za mkasi angeweza kukesha bila kupata kitu. Ndiyo maana kingo naziacha hadi mwisho. Picha ya dhoruba naianza kwa saa, kisha naingia mbinguni, na mara nyingi sifiki hata kwenye kingo.

Kabla ya saa, lazima picha ibebe dai linaloweza kupimwa. "Tazameni kimbunga New York" si dai. Dai ni mahali, tarehe, saa na upande ambao kamera imeelekea. Asiyeweza kukupa vitu hivyo vinne hajakupa picha ya habari, amekupa picha tu. Usitarajie faili likusaidie: picha iliyopita WhatsApp kwa kawaida hupoteza kumbukumbu za kamera, zikiwemo saa na mahali ilipopigwa.

Tuipime basi ile ya Sandy. Kitovu cha kimbunga kiligusa nchi kavu karibu na Brigantine, jimboni New Jersey, tarehe 29 Oktoba mnamo saa 1:30 usiku kwa saa za huko. Jua la New York siku hiyo lilizama kabla ya saa 12 jioni. Anayesema picha ni ya wakati kimbunga kilipoingia anatuonyesha mwanga wa mchana katika giza la usiku. Dai lake limeshaanguka, na bado hatujalitazama wingu.

Hapa pana mtego unaowanasa hata waangalifu. Taarifa za kimbunga hutolewa kwa saa ya kimataifa, ile inayoandikwa na herufi `Z` mwishoni. Kuingia kwa Sandy kuliandikwa saa `2330Z`, ambayo kwa New York ya Oktoba ni saa 1:30 usiku wa tarehe 29, na kwa Dar es Salaam au Nairobi ni saa 8:30 usiku wa kuamkia tarehe 30. Asiyebadili saa hizi sawasawa ataikataa picha halali au ataipitisha ya uongo. Kwetu mwenye kubadili huongeza saa tatu: taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, inayoanza na `METAR HTDA`, ikiwa na `1400Z` basi inazungumzia saa 11 jioni. Ukikuta humo `TSRA`, mtazamaji aliripoti ngurumo na mvua. `CB` ni wingu la ngurumo. Ukipewa picha ya radi juu ya uwanja saa 11 jioni na taarifa za saa hiyo hazina hata kimoja, una sababu nzito ya kusita. Nasema kusita, kwa kuwa taarifa hutolewa kwa vipindi, na dhoruba ndogo inaweza kupita upande mwingine wa jiji isiripotiwe uwanjani.

Mtetezi wa picha angeweza kujibu kwamba ilipigwa mchana, saa kadhaa kabla. Sawa, twende kwenye wingu. Lile la Nebraska ni la dhoruba ya ngurumo inayozunguka yenyewe, ambayo wataalamu huiita supaseli. Sehemu yake inayozunguka huwa na upana wa kilomita chache, na ndiyo maana mtu aliyesimama mbali kidogo huiona nzima, pembe hadi pembe, na mbingu nyeupe pembeni. Upepo wa Sandy wenye nguvu ya tufani ulienea zaidi ya kilomita 1,500 kutoka upande hadi upande. Kitu cha ukubwa huo hakina umbo kwa mtu aliye ardhini. Kinachoonekana ni dari ya kijivu isiyo na mwisho, vipande vya mawingu vikikimbia chini yake, na mvua ya kulala. Umbo la kimbunga cha bahari huonekana kutoka setilaiti. Picha ya ardhini inayokuonyesha kimbunga kizima kikiwa na kingo zake imeshajieleza kwamba inaonyesha kitu kingine.

Huo ndio ukaguzi wa mbingu kwa ufupi wake: ukubwa wa kitu ulingane na umbali wa anayekitazama. Kwa radi kazi huwa ndefu zaidi, na kwangu ni tamu zaidi, maana radi huacha ushahidi mwingi sana ndani ya fremu.

Anza na muda ambao kamera ilifunguliwa. Picha ya usiku yenye radi sita au saba huwezekana kabisa: mpiga picha huweka kamera kwenye miguu mitatu, huifungua kwa sekunde 20 au 30, na kila radi inayopiga hujichora humo. Lakini sekunde 30 zina gharama yake. Mawimbi hulainika yakawa kama ukungu, taa za magari huwa mistari, ngalawa iliyotia nanga hutikisika ikapoteza sura. Sasa chukua picha ya mchana yenye radi saba, na chini yake mawimbi makali ambayo kila tone limesimama hewani. Matone yanasema kamera ilifunguliwa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Radi saba zinasema ilifunguliwa kwa muda mrefu. Bahari na mbingu zikitaja muda tofauti, picha moja imetengenezwa kutoka kwa kadhaa.

Wapo wapiga picha waaminifu wanaorundika radi za saa nzima katika picha moja na kusema hivyo waziwazi. Kazi yao naiheshimu. Uongo huingia pale maelezo yao yanapokatwa na picha kuitwa ya dakika moja.

Kisha tazama matawi. Radi ya kawaida huanzia winguni, na mkondo wake hutafuta njia kwenda chini, hivyo matawi yake hufunguka kuelekea ardhini. Juu ya majengo marefu mno mambo yanaweza kugeuka: mkondo huanzia kwenye ncha ya jengo na kupanda, na matawi hufunguka kuelekea juu. Kwa hiyo radi yenye matawi ya juu kwenye kilele cha Burj Khalifa, lenye mita 828, si kosa hata kidogo. Radi ya namna hiyo ikitoka kwenye paa la nyumba ya chini katikati ya mtaa ndiyo ya kuuliziwa. Linganisha pia ung'avu. Njia kuu iliyofika ardhini hung'aa kuliko matawi yaliyoishia hewani. Mchoraji wa kompyuta husahau hilo mara kwa mara, akayapa matawi yote unene na mwanga uleule kama mizizi ya mti.

Cha mwisho kwa radi ni mwanga inaoutoa. Mwako mkali kiasi hicho haukosi kugusa kitu. Tumbo la wingu liwake, barabara iliyoloa irudishe mng'ao, upande wa jengo ulioelekea radi uwe mweupe kuliko ule mwingine. Radi iliyobandikwa haiangazi chochote. Na kama ni video, hesabu: sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Radi iliyopiga ng'ambo ya ghuba, kilomita nne hivi, ikinguruma papo hapo, sauti imepachikwa au imesogezwa.

Pwani yetu ina kipimo chake rahisi ambacho naona kinaachwa bure. Coco Beach ya Dar es Salaam inatazama mashariki. Jua huzama nyuma ya mgongo wa anayeitazama bahari. Picha inayodai kuwa ya jioni pale, yenye wingu la dhoruba juu ya bahari na jua jekundu likichungulia chini yake, ama ni ya alfajiri ama si ya pale. Picha hiyohiyo ingedaiwa kuwa ya Mji Mkongwe wa Unguja, unaotazama magharibi, jua lingekuwa mahali pake. Upinde wa mvua nao husimama daima mkabala na jua, hivyo upinde wa jioni juu ya bahari ya Dar ni sahihi, na upinde ulio upande uleule wa jua hauwezekani popote duniani.

Kwa picha za setilaiti ukaguzi ni wa sekunde chache. Kimbunga cha kusini mwa ikweta huzunguka kufuata mwendo wa mishale ya saa. Cha kaskazini huzunguka kinyume chake. Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, kilikuwa cha kusini, kama Idai kilichoipiga Beira Machi 2019. Ukiletewa picha ya Hidaya ambayo mikono ya mawingu inajikunja kinyume cha saa, ama imegeuzwa kama kwenye kioo, ama ni kimbunga cha kaskazini mwa ikweta kilichopewa jina la jirani. Tazama ufuo ulio chini ya wingu, utakuambia ni ipi kati ya hizo.

Vipimo hivi vina mpaka. Vinaweza kuthibitisha kwamba picha haiwezekani kwa saa na mahali palipodaiwa. Haviwezi peke yake kuthibitisha kwamba ni ya kweli, maana picha ya mvua ya mwaka jana, pwani ileile na saa ileile, itapita vyote. Hapo kinachobaki ni kuitafuta picha yenyewe kwa Google Lens au TinEye uone kama iliwahi kuonekana kabla ya siku inayodaiwa, na kumpata aliyeipiga akuonyeshe fremu ya kabla na ya baada yake.

Jihadhari pia na kuikataa picha kwa sababu tu inashangaza. Tarehe 16 Juni 2014, karibu na mji wa Pilger huko Nebraska, tornado mbili kubwa zilitembea bega kwa bega, na watu kadhaa wakazipiga picha kutoka pande tofauti. Anayeona moja tu ya picha hizo angeapa kwamba nguzo moja imenakiliwa ikabandikwa kando ya nyingine. Zilinganishe: nguzo hizo hazifanani unene wala mwinamo, na zinabadilishana nafasi kadiri mpiga picha anavyokuwa upande huu au ule wa barabara.