Umetuma, Imefika

Kijana aliyeko mjini ametuma pesa kwa mama yake kijijini. Ujumbe wa kuthibitisha umeshaingia kwenye simu yake, salio limepungua, makato yameonekana. Hata hivyo anapiga. "Shikamoo mama. Imefika?" Naye anajibiwa, "Marahaba mwanangu. Imefika."

Swali hilo lilikuwepo kabla ya simu. Pesa ilipokuwa ikisafiri ndani ya bahasha mkononi mwa dereva wa basi au konda, mtumaji aliuliza jina la basi na saa ya kufika stendi, kisha akakaa na wasiwasi hadi habari imrudie. Mwaka 2005 huduma ya pesa kwa simu ilipojaribiwa Kenya, lengo lilikuwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo, lakini watu waliopewa simu hizo za majaribio wakaanza kutumiana wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua M-Pesa Machi 2007, matangazo yake ya mwanzo yalijengwa juu ya jambo hilohilo, yaani kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Safari ya siku nzima ikawa ya sekunde chache, na swali halikufa. Bado linaulizwa kila siku.

Mtunzi wa kibwagizo cha tangazo anayelisikia swali hilo ana nusu ya kazi yake mkononi. Maagizo anayopewa na mteja huwa ni yaleyale: sekunde 30 za redio, wimbo uonyeshe kwamba huduma inaaminika na ina kasi, na pawe na kaulimbiu moja ya kuimbwa. Mtunzi asiye na uzoefu huzichukua sifa hizo mbili akaziimba kama zilivyo: uaminifu, haraka. Hapo ameanguka. Neno "haraka" likiimbwa mbele ya Waswahili, nusu ya wasikilizaji humalizia wenyewe kimoyomoyo kwamba haina baraka, na hakuna kinanda kitakachoizima methali ile. Ama neno "uaminifu", ni sifa ambayo mtu hupewa na wenzake. Akijipa mwenyewe, watu hushika mifuko.

Fundi hodari hataji sifa hata moja. Analichukua jibu ambalo mama amekwisha kulitoa kwenye simu, akalitanguliza kwa tendo la kijana, maneno mawili tu:

Umetuma, imefika.

Uzito wote umebebwa na "-me-". Angeandika "itafika", angekuwa anaahidi, na ahadi ina nafasi ya kuvunjwa. "Imefika" inasema jambo limekwisha, msikilizaji hana cha kungoja. Na kwa kuwa maneno yote mawili yana "-me-" ileile, kutuma na kufika vinasimama bega kwa bega kama tendo moja. Kasi imeshasemwa bila kutajwa, na imani imo kwenye jibu, kwa sababu msikilizaji analijua swali lake. Hata neno "pesa" halikuhitajika. Ile "i-" ya mwanzo inatosha, kwa kuwa hakuna anayejiuliza kilichofika ni nini.

Kuna neno jingine ambalo watu hulitumia zaidi: "imeingia". Lingekuwa la mtaani zaidi, na mtunzi mwenye sikio angelijaribu kwanza. Lakini "umetuma" ina mizani 4 na "imeingia" ina mizani 5. Upande wa pili unakuwa mrefu kuliko wa kwanza, na ndani yake irabu mbili zinakutana, "e" na "i", zikimvuta mwimbaji nyuma mahali ambapo anatakiwa kukimbia. "Imefika" ina mizani 4 kamili. Jumla ni 8, kipimo ambacho sikio la Mswahili limelelewa nacho, maana ndicho kipimo cha kipande katika mashairi mengi ya mizani 16 kwa mshororo.

Kazi ngumu inaanza pale maneno yanapokutana na mapigo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: u-me-TU-ma, i-me-FI-ka. Muziki nao una mkazo wake. Katika mapigo manne, la kwanza ndilo zito kuliko yote, na la tatu linalifuatia. Mikazo hii miwili ikipishana, maneno huvunjika. Aliyekulia kanisani anaijua hali hiyo kutokana na nyimbo zilizotafsiriwa na kupachikwa kwenye tuni za Ulaya: silabi ya mwisho, ambayo katika usemi hutamkwa kwa wepesi, inaangukia pigo zito, na waumini wanaimba Kiswahili ambacho hakuna mtu anayekisema. Mara chache mkazo hubeba hata maana. Gari hupita ba-ra-BA-ra, lakini kazi iliyofanywa vizuri imefanywa ba-RA-ba-ra. Katika wimbo wa ibada wenye beti sita, mtu huzoea. Katika kaulimbiu ya sekunde tatu, kosa moja la mkazo ndilo tangazo zima.

Basi tuifuate kaulimbiu yetu hatua kwa hatua. Mwendo ni mapigo 96 kwa dakika, wa mtu anayetembea akijua aendako. Hapa kuna jaribu la kuongeza mwendo hadi 130 ili kuonyesha kasi, nalo linafaa kukataliwa, kwani wimbo unaokimbizwa husikika kama mtu mwenye wasiwasi, na mwenye wasiwasi haachiwi pesa. Kasi itoke kwingine, kwenye kukosekana kwa pengo. "U-me" zinaingia pamoja kwenye pigo la nne, kama hatua ya kujiandaa. "TU" inatua juu ya pigo zito la kwanza, "ma" inaifuata nusu pigo baadaye, na bila kupumua "i-me" zinajaza pigo la pili. "FI" inatua kwenye pigo la tatu na kupewa pigo zima, kwa sababu silabi yenye mkazo hurefuka hata katika mazungumzo. "Ka" inafunga pigo la nne. Mapigo 5 kwa jumla, sekunde 3 na kidogo.

Kwa nota za solfa, ambazo wanakwaya wengi wa Afrika Mashariki huzisoma zaidi kuliko nota za mistari, tuni inaweza kuwa so so la so, mi mi re do. Kilele kiko kwenye "TU", pale mtu anapobonyeza. Kuanzia hapo sauti inashuka hadi do, nyumbani kwa wimbo. "FI" iko re, hatua moja tu kabla ya nyumbani, na inashikiliwa kidogo pale pigo linapokuwa zito, kiasi kwamba sikio linaisubiri do. "Ka" inaileta. Ingeishia mi au so, wimbo ungebaki unaning'inia, na neno "imefika" lingekuwa linasema jambo ambalo muziki unalikanusha. Hapa ndipo ufundi huu unapostahili heshima: msikilizaji hajui lolote kuhusu do wala re, lakini mwili wake unajua kwamba kitu kimefika.

Sauti ngapi ziimbe? Fundi humpa mtu mmoja "umetuma" na kundi zima "imefika". Ndivyo ngoma zinavyoitikiwa, ndivyo kwaya zinavyojibizana, na ndivyo mtoto anavyojibu "Pakawa!" kabla hata "Paukwa" haijakauka mdomoni mwa bibi. Kuna faida mbili. Mmoja anaanza kwa niaba ya wote, na wengi wanajibu kama mashahidi, jambo ambalo sauti moja, hata ikiwa tamu vipi, haiwezi kulifanya. Faida ya pili ni ya kiufundi. Pale "ma" inapokutana na "i", mwimbaji mmoja akiwa na mwendo humeza irabu, ikasikika "umetumimefika", na mizani 8 zimekuwa 7. Kundi likipokea kutoka kwa kiongozi, mpaka kati ya maneno unabaki hai. Prodyuza makini hulisikiliza eneo hilo peke yake, kwa sauti ya chini, kabla ya kuruhusu rekodi itoke.

Kisha anazizima spika kubwa za studio na kuisikiliza kazi yake kwenye kitochi. Spika ndogo ya simu haitoi besi, kwa hiyo mdundo uliopendeza studio unatoweka, na tuni inatakiwa ijitegemee. Simu ya kawaida ya sauti nayo imezoeleka kupitisha kati ya hetsi 300 na 3,400 tu. Herufi kama "f" na "s" zinatofautiana zaidi juu ya kiwango hicho, ndiyo maana watu hulazimika kutaja majina herufi kwa herufi wakiwa kwenye simu. Wimbo huo ukichezwa kwa mteja anayesubiri kuhudumiwa, "imefika" inaweza kusikika "imesika". Dawa si kuongeza sauti. Mwimbaji anatakiwa kuibana "f" kwa meno na mdomo ili ianze mapema kidogo kabla ya pigo.

Lakini imefika kwa nani? Hili ndilo swali zito kwa mtunzi, na kulikwepa ni kumdanganya msikilizaji. Nchini Tanzania watu wamepokea sana ujumbe wa matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", na wapo waliotuma kweli. Pesa yao ilifika upesi, kwa mtu asiyehusika. Kinga ya kwanza iko kwenye skrini: kabla ya kukamilisha muamala, mtumaji huonyeshwa jina la mpokeaji. Imani ya kweli imekaa hapo, katika zile sekunde mbili za kusoma. Kibwagizo kinachosifu kasi peke yake kinamfundisha mtu aziruke.

Kwa hiyo mshororo wa kutangulia kaulimbiu uwe "Soma jina, kisha tuma." Nao una mizani 8, na mkazo wake unaangukia silabi ya kwanza ya kila neno: SO-ma, JI-na, KI-sha, TU-ma. Unaimbwa polepole, silabi moja kwa kila pigo, mpaka kwenye "tuma" ambayo inabanwa ndani ya pigo moja. Pigo linalobaki linapokea "u-me", na kaulimbiu inaondoka kwa mwendo maradufu ingawa ngoma haijabadili hatua. Msikilizaji anapewa muda wa kusoma kwanza, na kasi anaisikia baadaye, kwa sababu ya utulivu uliotangulia.

Mpangilio huu unaokoa pia kitu ambacho redio hukata. Tangazo la sekunde 30 lina mapigo 48, na kituo kikitaka la sekunde 10 yanabaki 16. Beti, maelezo na namba ya kupiga vinaondoka. "Soma jina, kisha tuma" pamoja na "umetuma, imefika" vinachukua mapigo 12 kamili, na manne ya mwisho ni ya jina la huduma. HaloPesa na AzamPesa zina silabi nne kila moja, silabi kwa pigo, na "PE" inajikuta juu ya pigo zito la tatu bila kulazimishwa. M-Pesa ikitamkwa ina tatu. Mtunzi huanza "em" kwenye pigo la pili, na pigo la kwanza analiacha kwa ngoma.