Tishari la Mbao: Namna Sura Moja ya Fizikia Ilivyopangwa

Katika muhtasari wa fizikia wa kidato cha kwanza nilioufuata, kanuni ya Akimedi na kuelea kwa vyombo vilikuja mapema, mara baada ya vipimo na kani. Kwa mtoto wa Mbamba Bay mada hiyo si ngeni. Amekua akiona mitumbwi ikipakiwa pale ufukweni na wazee wakisema, "Basi, inatosha," kabla maji hayajafika ukingoni. Nilipopewa kazi ya kuandika sura hiyo nikadhani nusu ya kazi imeshafanywa na ziwa. Rasimu yangu ya kwanza ilinionyesha vingine.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye lengo. Niliandika kwamba mwanafunzi "aelewe kanuni ya kuelea". Lengo la namna hiyo halimwambii mwandishi aandike zoezi gani, wala halimwambii mwalimu aone nini ndipo ajue kazi imekwisha. Mmarekani Robert Mager, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu uandishi wa malengo, alitaka lengo liseme mambo matatu: mwanafunzi atafanya nini, atafanya katika hali gani, na kwa kiwango gani. Nikaliandika upya: akipewa vipimo vya chombo chenye umbo la sanduku na tungamo lake, mwanafunzi akokotoe mzigo wa juu kabisa ambao chombo kitabeba katika maji ya ziwa na kubakiza ubavu uliotajwa juu ya maji. Ni refu na halina mvuto, lakini swali la mwisho la sura tayari limo ndani yake. Kwa hiyo nilianza kuandika swali hilo la mwisho, nikarudi nyuma hadi ukurasa wa kwanza.

Mtumbwi wenyewe ulinipa shida. Mtumbwi wa gogo una tumbo la mviringo na ncha zilizochongoka, na ujazo wake hauwezi kupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kina. Nikauacha kwenye shughuli ya kuangalia tu: wanafunzi wachore mstari wa maji ubavuni mwa mtumbwi mtupu, kisha wachore mwingine baada ya watu wawili kuingia. Hesabu nikazihamishia kwenye tishari dogo la mbao lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 1 na kina cha sentimita 40, lenye tungamo la kilo 300.

Mfano wa kwanza unauliza tishari hilo likiwa tupu litazama kiasi gani. Chombo kinachoelea huhamisha maji yenye tungamo sawa na lake, yaani kilo 300. Mita moja ya ujazo ya maji ya ziwa ina kilo 1000 hivi, kwa hiyo maji yaliyohamishwa ni mita za ujazo 0.3. Gawanya kwa eneo la chini la tishari, mita za mraba 4, upate mita 0.075, yaani sentimita 7.5. Kila hatua ina mstari wake, na pembeni yake sentensi fupi inayosema kwa nini hatua hiyo inafuata.

Kuandika sababu pembeni si urembo. John Sweller na Graham Cooper wa Australia walionyesha mwaka 1985, kwa hesabu za aljebra, kwamba wanaoanza hujifunza vizuri zaidi wakisoma mifano iliyokokotolewa kuliko wakitupwa moja kwa moja kwenye maswali. Ila mfano ukirudiwa ukiwa kamili kila mara, mwanafunzi huanza kunakili. Ndiyo maana mfano wa pili wa sura hii, tishari likiwa na mzigo wa kilo 100, umeachwa bila mstari wa mwisho. Wa tatu unageuza njia: ubavu wa sentimita 20 lazima ubaki juu ya maji, je, mzigo ni kilo ngapi? Hapo zimeachwa hatua mbili za mwisho. Tishari litazama sentimita 20, litahamisha mita za ujazo 0.8, sawa na kilo 800. Toa kilo 300 za tishari lenyewe, zinabaki 500.

Kupanga mazoezi kwa ngazi ndiko kulikonipotezea muda mwingi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mfano wa kutafuta kina tu, halafu swali la tatu likauliza mzigo, na densiti nikaitoa kwa gramu kwa sentimita ya ujazo. Swali moja, wageni wawili: njia iliyogeuzwa na ubadilishaji wa vipimo. Mwanafunzi akikwama hapo, mwalimu hawezi kujua amekwama kwenye lipi.

Dawa niliyoipata ni ya kizamani. Pembeni mwa kila swali niliandika kwa penseli hatua zake zote, kisha nikaweka alama kwenye kila hatua ambayo haimo katika mfano wowote uliotangulia. Swali lenye alama mbili linavunjwa kuwa mawili. Baada ya kuvunja, swali la kwanza lilibadilisha tungamo tu, la pili likabadilisha vipimo vya sanduku, la tatu likageuza njia, na la nne likaongeza magunia. Kuna swali nililolipenda nikalazimika kulifuta: tishari lilelile tupu likipelekwa baharini Mtwara, litapanda kiasi gani? Kwa maji ya chumvi ya kilo 1025 kwa mita ya ujazo, tofauti haifiki milimita 2. Hesabu ni sahihi, lakini hakuna mtoto atakayeiona kwa rula ubavuni mwa tishari linalochezeshwa na mawimbi.

Ngazi nyingine haionekani kwenye hesabu. Mtoto huyu alifundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa fizikia yote iko kwa Kiingereza. Mradi wa vitabu vinavyosaidia lugha, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Aga Khan na Chuo Kikuu cha Bristol pamoja na Taasisi ya Elimu Tanzania, uliandaa sura za majaribio za kidato cha kwanza kwa hisabati, biolojia na Kiingereza. Ulitumia sentensi fupi, maana za maneno kwa Kiswahili, na nafasi ya wanafunzi kuzungumza kabla ya kuandika. Nilifuata njia hiyo. Neno gumu kuliko yote katika sura yangu halikuwa densiti, bali kitenzi cha Kiingereza cha kuhamisha maji. Nikaweka maana yake pembeni mwa mstari uleule, maana faharasa ya mwisho wa kitabu haifunguliwi na mtoto anayesoma nakala moja na wenzake wawili. Kwa sababu hiyohiyo mchoro wa tishari na mfano wake vimekaa kwenye kurasa mbili zinazotazamana.

Swali la nne linasema: magunia ya unga wa muhogo ya kilo 60 kila moja, ubavu wa sentimita 20 ubaki, tishari lichukue mangapi? Jibu la 13 linamwambia mwalimu kwamba mwanafunzi amesahau tungamo la tishari lenyewe. Jibu la 8.33 ni la aliyekokotoa vizuri na kusahau kwamba gunia halikatwi. Na aliyeandika 9 anarudishwa kwenye mfano wa kwanza: kilo 840 zinazamisha tishari sentimita 21, ubavu unabaki 19. Jibu ni 8.