Farasi wa Kufa Hafi Bure

Katika sataranji, kete ikishaonekana haiokoki, wachezaji wengi huiacha palepale na kuhamia mambo mengine. Wanasahau kwamba kete hiyo bado ina kazi moja: kula chochote kilicho karibu nayo kabla haijaliwa. Wachezaji huiita kete ya namna hiyo desperado. Farasi akila askari kisha akaliwa, mwenye farasi amepoteza farasi lakini mkononi ana askari, na huyo askari angemkosa kama angekaa kimya. Hadi hapo hakuna asiyeelewa. Ugumu unaanza pale pande zote mbili zinapokuwa na kete ya kufa kwa wakati mmoja. Hapo kila mchezaji ana maswali mawili kwa mpigo: nimle wa mwenzangu sasa, au wangu aendelee kula kwanza?

Sijui mchezo unaolionyesha jambo hili waziwazi kuliko ule wa Efim Bogoljubov na Lothar Schmid, uliochezwa Bad Pyrmont, Ujerumani, mwaka 1949. Bogoljubov, aliyezaliwa 1889, alikuwa ameshapigania ubingwa wa dunia mara mbili dhidi ya Alekhine, mwaka 1929 na 1934, na mara zote akashindwa. Schmid alizaliwa 1928. Wengi walikuja kumjua baadaye kama mwamuzi wa pambano la Fischer na Spassky kule Reykjavik mwaka 1972. Siku hiyo mkongwe alishika nyeupe, kijana akashika nyeusi, na mchezo haukupita hatua 24.

Mwanzo ulikuwa wa kawaida. Askari wa e walikutana katikati, e4 na e5, kisha kila upande ukatoa farasi wake wawili. Hatua ya 4 nyeupe ilisukuma askari hadi d4, nyeusi ikamla, na hatua ya 5 farasi mweupe akarudisha kwa kumla askari aliyekuwa amesimama d4. Hesabu ikawa sawa. Ndipo Schmid alipofanya jambo la kushtua: farasi wake wa f6 akamla askari wa e4, mbele ya macho ya farasi mweupe wa c3.

Mtu akitazama haraka ataona farasi ametupwa. Lakini farasi wa c3 akimla, malkia mweusi anakwenda e7, na farasi huyo mweupe anabaki amebanwa mbele ya mfalme wake, hawezi kuondoka. Nyeupe itamlinda kwa askari wa f3, nyeusi itamshambulia kwa askari wa d5, na hivyo nyeusi itarudishiwa farasi wake. Bogoljubov hakuipenda njia hiyo. Akatafuta ujanja wake mwenyewe: farasi wake wa d4 akamla farasi wa c6.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo kila kitu kilipozaliwa. Farasi mweupe aliyeko c6 anaweza kuliwa na askari wa b7 au wa d7, lakini wakati huohuo anamtishia malkia aliyeko d8. Farasi mweusi wa e4 naye yuko hatarini kwa farasi wa c3. Schmid akimla farasi wa c6 kwa askari, mkono ukiwa mwepesi kama ilivyo kwa wengi wetu, basi nyeupe inamla farasi wa e4, na nyeusi imebaki na farasi mmoja pungufu. Kwa hiyo Schmid hakumla. Farasi wake wa e4, ambaye alikuwa wa kufa, akamla farasi wa c3. Sasa na yeye anamtishia malkia, yule wa d1.

Ubao ukawa kama kioo. Farasi mweupe wa c6 anaweza kuliwa na anatishia malkia. Farasi mweusi wa c3 anaweza kuliwa na askari wa b2, na anatishia malkia. Hatua ya 7 farasi mweupe akamla malkia wa d8, farasi mweusi akamla malkia wa d1. Hatua ya 8 farasi mweupe akamla askari wa f7, farasi mweusi akamla askari wa f2. Hatua ya 9 mweupe akaila ngome ya h8, mweusi akaila ngome ya h1. Katika muda wote huo wafalme wawili walikuwa wamesimama kwenye miraba yao ya kwanza, na farasi wa adui alipokuwa d8 na f7, au d1 na f2, mfalme angeweza kunyoosha mkono tu akamla. Mbona hakuna aliyefanya hivyo?

Jibu liko kwenye askari mmoja, yule wa e4 aliyeliwa hatua ya 5. Nyeusi ndiyo iliyotangulia kula, kwa hiyo nyeusi ilikuwa mbele kwa askari mmoja, na kila mweupe alipokula alikuwa anaziba pengo kwa nusu hatua tu. Jaribu kuusimamisha mchezo popote uone. Hatua ya 7, nyeupe ingemla farasi wa c3 kwa askari badala ya kumla malkia, nyeusi ingemla farasi wa c6, na nyeupe ingekuwa na askari 6 dhidi ya 7. Hatua ya 8, mfalme mweupe angemla farasi wa d1, mfalme mweusi angemla farasi wa d8, bado ni 6 kwa 7. Hatua ya 9, mfalme mweupe angemla farasi wa f2, mweusi angemla wa f7, na hesabu ingekuwa 5 kwa 6. Kila mara nyeupe ikisimama, inasimama ikiwa nyuma. Ndiyo maana Bogoljubov aliendelea kula: hakuwa na mahali pazuri pa kushukia.

Mahali palipokuwa na mtego ni hatua ya 8, na mtego ulikuwa wa nyeusi. Farasi mweupe ameshamla askari wa f7, amesimama ubavuni mwa mfalme, halindwi na yeyote, na anatishia ngome ya h8. Mchezaji wa kawaida angemla bila kufikiri. Lakini mfalme mweusi akimla, mfalme mweupe anamla farasi wa d1, na askari ni 6 kwa 6. Faida yote ya hatua ya 5 imeyeyuka, kwa sababu farasi mweupe alikufa akiwa ameshiba askari mmoja zaidi, na farasi mweusi alikufa bila kulipiza. Schmid alilipiza kwanza kwa kumla wa f2. Kipimo ninachokiona hapa ni chepesi kukitumia: kabla ya kumla farasi wa mwenzako anayekufa, tazama kama wako naye anakufa. Kama anakufa, na bado ana kitu cha kula chenye thamani ileile aliyokula mwenzake, basi na ale kwanza.

Kipimo hicho kina mpaka wake. Kinafanya kazi tu kama kitisho cha farasi wako kinalingana na kitisho cha farasi wake. Malkia kwa malkia, ngome kwa ngome. Mmoja akitishia ngome na mwingine akitishia askari tu, mnyororo unakatika na mwenye kitisho kidogo anaumia. Tena unakatika vibaya zaidi pale mmoja anapokula kwa cheki, kwa sababu mfalme aliyepigwa cheki lazima aokolewe kwanza, na hapo kete yako ya kufa inapoteza zamu yake. Katika hatua hizi zote, kuanzia c6 hadi h8 na kuanzia c3 hadi h1, hakuna hata mlo mmoja uliokuwa cheki. Bila hivyo kioo kisingedumu.

Baada ya hatua ya 9, farasi wote wawili walikuwa wamekwama kwenye pembe za nyumba ya adui, na swali likawa nani atatoka salama. Bogoljubov alimleta askofu d3, kisha akamla askari wa h7, akarudisha hesabu kuwa 5 kwa 5 na kufungua njia ya farasi wake. Schmid alimpeleka askofu c5, na farasi wake akapata mraba wa f2 chini ya ulinzi wake. Wakazungukana kwa hatua kadhaa. Farasi mweusi akafika e3, akilindwa na askofu wa c5, na mfalme mweupe akasogea d2 kumkabili. Kisha askofu mweusi akamla askofu mweupe aliyekuwa g6.

Hatua ya 18 farasi mweupe akaruka e6 kwa cheki, mfalme mweusi akaenda e7, na hatua ya 19 farasi huyo akamla askofu wa c5. Tazama tulipofika: mlinzi wa farasi wa e3 ameondoka, kwa hiyo mfalme mweupe anaweza kumla. Farasi mweupe wa c5 naye yuko mdomoni mwa askari wa d6. Farasi walewale wawili, wote tena ni wa kufa, hatua kumi baadaye!

Safari hii pia Schmid hakufanya kosa la mkono mwepesi. Angemla farasi wa c5 kwa askari, mfalme angemla wa e3, kila upande ungebaki na ngome, askofu na askari 5, na askofu mweupe angekuwa anamtishia askari wa c7. Badala yake farasi wake akamla askari wa c2. Mfalme hawezi kumla pale, kwa sababu askofu mweusi wa g6 analinda mraba huo kwa mbali, na farasi sasa anaitishia ngome ya a1. Nyeupe ilipiga cheki, ikamwokoa farasi wake hadi e6 kisha f4, lakini ngome ikaliwa. Farasi mweupe akamla askofu wa g6. Ngome nyeusi ikaja e8, askofu mweupe akarudi f2, na hatua ya 24 farasi mweusi akatoka pembeni na kusimama tena c2, safari hii bila mlinzi yeyote.

Mfalme akimla, ngome inaingia e2 kwa cheki na kumchukua askofu wa f2. Nyeusi inabaki na ngome na askari 5, nyeupe na farasi na askari 4. Asipomla, farasi ameshatoka kwenye pembe. Bogoljubov alikubali kushindwa.

Nilipozihesabu kete walizokula farasi hawa wawili nilikuta jambo ambalo sikulitarajia. Kila mmoja alikula mara 7. Kwa thamani za kawaida, yaani askari 1, farasi na askofu 3, ngome 5 na malkia 9, mweupe alikula za pointi 25 na mweusi 25 vilevile. Pointi 3 zilizomshinda Bogoljubov zilitoka kwingine: nje ya farasi, nyeusi ilikula askari wa d4 na askofu mweupe wa g6, jumla 4, na nyeupe ikala askari wa h7 peke yake.