Safu ya Sifuri

Mpe mchambuzi mzuri kampuni ndogo iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, umwombe akadirie gharama ya mtaji wa wanahisa wake, na kwa muda hutaona chochote kinachofanana na uchambuzi. Atafungua safu ya bei za kila siku, atakokotoa bei imebadilika kwa asilimia ngapi kutoka jana, kisha ataanza kuhesabu sifuri. Mchambuzi mmoja ninayemfahamu hufanya kazi hiyo kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele. Kanuni yenyewe anaijua toka chuoni, na haimpi shida:

```
Ke = Rf + β × (Rm − Rf)
```

`Ke` ni gharama ya mtaji wa wanahisa, yaani kiwango cha chini cha faida ambacho mwenye hisa ana haki ya kukidai kabla ya kuitoa fedha yake. `Rf` ni faida ambayo angeipata bila wasiwasi, kwa kawaida kwenye hatifungani ya serikali. Mabano yanabeba nyongeza ambayo soko zima la hisa linatarajiwa kuilipa juu ya hatifungani hiyo. Beta ndiyo inayoamua kampuni hii ichukue kiasi gani cha nyongeza hiyo. William Sharpe aliichapisha hoja hii mwaka 1964, John Lintner akafuata mwaka 1965 na Jan Mossin mwaka 1966, na tangu hapo sehemu ngumu haijawa kanuni. Ugumu uko kwenye beta, kwa sababu haichapishwi gazetini pamoja na bei. Lazima ipimwe.

Watu wengi hudhani beta inapima jinsi hisa inavyorukaruka. Mchambuzi wangu huwaonyesha kosa hilo kwa miezi minne ya mfano. Chukua soko lililopanda asilimia 4, likashuka 2, likapanda 1, likashuka 3. Hisa ya kwanza ilipanda 6, ikashuka 3, ikapanda 2, ikashuka 5. Hisa ya pili ilishuka 3, ikapanda 5, ikapanda 8, kisha ikaporomoka 10. Ya pili ndiyo yenye vurugu, hilo halina ubishi. Sasa zidisha mwendo wa kila hisa kwa mwendo wa soko, mwezi kwa mwezi, na ujumlishe: ya kwanza inatoa 47, ya pili 16. Gawanya kila jumla kwa jumla ya miraba ya mwendo wa soko, ambayo ni 30. (Wastani wa kila safu hapa ni sifuri, ndiyo maana hesabu ni nyepesi; vinginevyo ungeondoa wastani kwanza.) Beta ya hisa tulivu ni karibu 1.57, na ya ile yenye vurugu ni 0.53.

Nguvu ya hoja ya Sharpe iko hapo, na pia mpaka wake. Mwekezaji mwenye hisa nyingi tofauti hasumbuliwi na vurugu zisizoendana na soko, kwa kuwa hisa moja ikianguka kwa sababu zake, nyingine inapanda kwa sababu zake. Kinachombakia ni kile kinachotikisa zote kwa pamoja, na soko humlipa kwa hicho tu. Mwenye hisa moja pekee, na Afrika Mashariki watu hao ni wengi, anabeba mitikiso yote ya hisa ile ya pili lakini anatarajiwa kulipwa kwa 0.53 tu. Beta ndogo haimwambii kwamba yuko salama. Inamwambia kwamba sehemu kubwa ya hatari yake ni ile ambayo angeweza kuiondoa mwenyewe kwa kugawa mtaji.

Turudi kwenye sifuri. Siku ambayo hakuna aliyeuza wala kununua, bei inayoandikwa ni ileile ya mwisho. Tuseme habari mbaya za riba zinatoka mwishoni mwa Machi. Hisa zinazouzwa kila siku zinashuka papo hapo na fahirisi inashuka nazo. Kampuni yetu ndogo haijapata mnunuzi kwa wiki mbili, kwa hiyo Machi yake inasomeka kana kwamba haikuguswa. Anguko lake litajitokeza Aprili, wakati soko limeshahamia jambo jingine. Ni kama mtu anayeitikia hodi baada ya mgeni kuondoka. Kompyuta inaona hisa isiyojali soko na kuipa beta ndogo. Mwekezaji asiyejua anaisoma kama utulivu, kumbe ni ukosefu wa wanunuzi, jambo ambalo kwake ni hatari zaidi.

Ndiyo maana sifuri huhesabiwa kwanza. Zikiwa nyingi, bei za kila siku zinawekwa kando na kazi inafanywa kwa mwezi, kwa kawaida miezi 60. Kabla ya hapo kuna usafi mwingine. Kampuni ikitoa hisa moja ya bonasi kwa kila hisa moja, bei hukatika karibu nusu bila mtu yeyote kupoteza shilingi, na safu isiyorekebishwa huonyesha hasara ya asilimia 50. Anguko kama hilo hujitambulisha lenyewe, kwani katika soko la Nairobi bei ya hisa kwa kawaida hairuhusiwi kupita asilimia 10 juu au chini kwa siku. Gawio nalo linapaswa kurudishwa ndani ya faida ya mwezi husika. Fahirisi ya NASI haihesabu gawio, lakini mchambuzi wangu hapotezi usingizi kwa hilo: mteremko wa mstari unabadilika kidogo sana, kinachohama zaidi ni mahali unapoanzia.

Kwa kampuni aliyokuwa nayo, ambayo nitaiacha bila jina na ambayo tarakimu zake nimezilainisha ili zifuatike, mstari wa kwanza ulitoa beta ya 0.45. Mwanafunzi angeishia hapo, maana `=SLOPE()` imekwishajibu. Yeye aliongeza safu moja: mwendo wa soko wa mwezi uliotangulia. Sasa hisa ikapimwa dhidi ya soko la mwezi huohuo na la mwezi wa nyuma kwa wakati mmoja. Ya mwezi huohuo ilitoka 0.42, ya mwezi uliopita 0.31, jumla 0.73. Njia hii ilielezwa na Elroy Dimson mwaka 1979, na uzuri wake ni kwamba inajikagua yenyewe. Kama hisa ingekuwa kweli haijali soko, mwezi wa nyuma ungetoa namba iliyo karibu na sifuri. Hapa ulitoa 0.31, ushahidi kwamba mwitikio ulikuwepo, ila ulichelewa.

Kisha akaivuta 0.73 kuelekea moja. Marshall Blume alionyesha mwaka 1971 kwamba beta zilizopimwa zikiwa mbali na moja huelekea kuisogelea katika kipindi kinachofuata, na kutokana na kazi hiyo wachambuzi wana mazoea ya kuchukua theluthi mbili ya beta iliyopimwa na kuongeza theluthi moja. Hapo inapatikana 0.82. Mimi naona theluthi hizo zimetoka mbali mno na Nairobi, kwenye hisa za Marekani, na nilimwuliza. Alikubali, akaongeza kwamba kutovuta kabisa ni sawa na kuamini vipimo 60 vyenye kelele kuliko kila kitu kingine tunachokijua kuhusu kampuni.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa Nairobi hasa. Safaricom iliuza hisa zake kwa umma kwa shilingi 5 na kuorodheshwa Juni 2008, na kwa kuwa NASI hupima kila kampuni kwa ukubwa wa thamani yake sokoni, kuna nyakati ambapo kampuni hiyo peke yake imezidi nusu ya fahirisi. Beta za hisa zote, zikipimwa kwa uzito huohuo wa fahirisi, lazima wastani wake uwe moja. Kwa hiyo Safaricom ikiwa nusu na beta yake ikatoka 1.3, zilizobaki haziwezi kuwa na wastani mwingine isipokuwa 0.7. Kampuni ya saruji au bima inaweza kuonekana tulivu kwa sababu tu haifanani na kampuni ya simu. Richard Roll alikwishaonya mwaka 1977 kwamba fahirisi yoyote tunayoitumia si soko lenyewe, ila kivuli chake; Nairobi kivuli hicho kina umbo la mtu mmoja. Mchambuzi wangu hurudia kipimo kwa fahirisi aliyoijenga bila Safaricom. Namba mbili zikikaribiana, anaendelea. Zikitengana sana, anaandika zote mbili na haifichi hata moja.

Namba zilizosalia anazipata haraka zaidi, ingawa si bila mashaka. Hatifungani lazima iwe ya muda mrefu, maana hisa ni ya muda mrefu; kutumia hati za hazina za siku 91 ni kuchanganya vipimo. Na lazima iwe ya shilingi kama gawio ni la shilingi. Tuchukue asilimia 13 kwa hatifungani na 6 kwa nyongeza ya soko. Beta ya 0.45 inatoa gharama ya asilimia 15.7. Beta ya 0.82 inatoa 17.9.

Tofauti ya 2.2 inaonekana ndogo mpaka iguse thamani. Kampuni ilitarajiwa kulipa gawio la shilingi 4 mwaka unaofuata, likikua asilimia 6 kila mwaka. Ukigawa 4 kwa tofauti kati ya gharama ya mtaji na ukuaji, ya kwanza inatoa shilingi 41.2 kwa hisa, ya pili 33.6. Sokoni hisa ilikuwa inauzwa 38. Yaani beta ya kwanza inasema nunua, ya pili inasema acha, na kilichozitenganisha kwa sehemu kubwa ni namna ya kushughulikia siku ambazo hakuna aliyefanya biashara.

Mchambuzi wangu hakuamini 33.6 pia. Makosa ya kipimo katika mstari wenye nukta 60 ni mapana, kwa hiyo alijaribu beta ya 0.6 na ya 1.05, akapata gharama ya asilimia 16.6 na 19.3, na thamani za 37.7 na 30.1. Hata beta aliyoichagua kwa ukarimu haikuifikisha hisa 38. Ripoti aliyompelekea mteja ilikuwa na safu hiyo nzima badala ya namba moja, na chini yake sentensi fupi: kwa 38 tusinunue, ikikaribia 30 tupime upya, na kabla ya lolote tujue itachukua siku ngapi kuiuza.