Kuomba, Kukiri na Kuvuta: Uhakiki wa Lugha ya Matumaini katika Soko la Kalerwe

Ikisiri

Makala haya yanahakiki fundisho la kudhihirisha matamanio, pamoja na kanuni ya mvuto inayolibeba, kwa kulilinganisha na mafundisho ya zamani ya sala yanayofahamika Kalerwe, Kampala. Inadaiwa kwamba tofauti kati yao huonekana wazi zaidi katika sarufi: nani anasemeshwa, kitenzi kinawekwa katika hali gani, na hasara inatajwaje. Athari nzito zaidi ya fundisho jipya ni kumnyima muumini lugha ya kusema kwamba amepata hasara.

1. Utangulizi

Soko la Kalerwe, katika Tarafa ya Kawempe, limekaa kando ya Barabara ya Gayaza, karibu na mtaro wa Nsooba. Mazao mabichi yanayouzwa hapo huharibika upesi, na mvua kubwa inaponyesha maji ya mtaro huingia katika maeneo ya jirani. Kwa mchuuzi wa nyanya, mtaji wa wiki nzima unaweza kupotea kwa usiku mmoja. Katika mazingira hayo swali la namna ya kusema na Mungu kuhusu riziki ni swali la kila siku. Majibu matatu hukutana hapo: kuomba, kukiri na kuvuta. Wasikilizaji wengi huyachanganya, ilhali kila moja lina asili yake.

2. Asili ya mafundisho matatu

Sala ya zamani ina sura zaidi ya moja Kampala. Walokole, ambao uamsho wao kwa kawaida huhusishwa na kukutana kwa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church huko Namirembe mwaka 1929, waliweka toba mbele ya maombi. Katika mikutano yao mtu huungama mbele ya wenzake, na maisha yake, madeni yakiwemo, huweza kuwekwa wazi. Waislamu nao hufundishwa kwamba dua huenda sambamba na jitihada: mtu humfunga ngamia wake kwanza, kisha humtegemea Mungu. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba jibu liko mikononi mwa mwingine, na kwamba kukataliwa ni jibu pia.

Kanuni ya mvuto ina chimbuko jingine. Ilikua Marekani katika vuguvugu la Fikra Mpya, ambalo wanahistoria hulifuatilia hadi kwa mganga Phineas Quimby, aliyefariki mwaka 1866. William Walker Atkinson aliandika juu ya kanuni hiyo mwaka 1906, na Rhonda Byrne akaieneza duniani kwa filamu na kitabu cha The Secret mwaka 2006. Fundisho lenyewe ni fupi: fikra huvuta zinazofanana nazo, kwa hiyo anayewaza utajiri huuvuta, naye anayewaza hasara huivuta.

Katikati ya hizo mbili kuna kukiri kwa imani, kunakohusishwa na E. W. Kenyon na baadaye Kenneth Hagin. Mwaka 1988 D. R. McConnell alidai kwamba Kenyon alichota katika Fikra Mpya. Wengine wamempinga, na mjadala huo haujafungwa. Lililo wazi ni kwamba mhubiri wa ushindi na mwalimu wa mvuto hutumia vitenzi vinavyofanana, hata kama wa kwanza anamtaja Yesu na wa pili anautaja ulimwengu.

3. Ushahidi wa kitenzi

Kitenzi "omba" hudai mtendwa: mtu humwomba fulani. Baada yake huja hali tegemezi, "nipewe", "uniponye", ambayo yenyewe hukiri kwamba jambo halijawa. Kiluganda kina "okusaba", ambalo nalo hubeba kuomba na kusali kwa pamoja.

Kwa upande wa pili, "dhihirisha" na "vuta" havihitaji msikilizaji. Katika matumizi ya kidini yaliyozoeleka, Mungu ndiye anayedhihirisha; katika matumizi mapya mtenda ni mtu, na kinachodhihirishwa ni nyumba, gari au mume. Hali tegemezi nayo huondoka, nafasi yake ikachukuliwa na hali timilifu: "nimepokea", "nimeshatajirika".

Hata hivyo, hali timilifu peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Marko 11:24, aya inayopendwa na wahubiri wa kukiri, inamtaka mwombaji aamini kwamba amekwisha kupokea. Lakini aya inayofuata inamtaka asamehe anaposimama kusali. Aliyefundishwa kuzisoma aya hizo pamoja hukumbushwa kwamba sala inamhusu Mungu na jirani. Anayeishia ya 24 hubaki na matamanio yake.

4. Hasara isiyotamkika

Ichukuliwe kwamba mchuuzi aliyenunua nyanya kwa mkopo amekuta makasha yake yameloa maji ya Nsooba. Akiwa katika kikundi cha walokole, ataeleza hasara hiyo katika sala, na wenzake watajua kwamba ana deni. Wanaweza kumchangia, au kumshauri ahamishe makasha mahali pa juu. Akifuata kanuni ya mvuto kikamilifu, hawezi kusema "nimepata hasara", kwa kuwa maneno hayo yataivuta nyingine. Tena atajiuliza ni hofu gani iliyoyaita maji. Mtaro, takataka zilizouziba na mamlaka ya jiji vinatoka nje ya maelezo, na lawama yote inamwangukia yeye. Anaweza kukopa tena ili aonyeshe kwamba hana shaka.

Wakosoaji wameigusa hatari hiyo kwa njia mbalimbali. Mwaka 2009 Barbara Ehrenreich, aliyewahi kuugua saratani ya matiti, alionyesha jinsi shinikizo la kuwaza mema linavyomlaumu mgonjwa. Wanatheolojia wa Kiafrika wa Lausanne, waliokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009, waliyakosoa mafundisho ya mafanikio kwa kufanya umaskini uonekane upungufu wa imani. Utafiti wa Lucas Dixon na wenzake uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba wanaoamini sana udhihirishaji walijiona wamefanikiwa zaidi, ilhali walivutiwa zaidi na uwekezaji wa hatari na walielekea zaidi kuwa wamewahi kufilisika. Utafiti huo hauthibitishi kipi kilisababisha kipi, wala haukuwahusu wachuuzi wa Kampala.

Gabriele Oettingen anasaidia zaidi, kwa kuwa hakatai matumaini. Majaribio yake yanaonyesha kwamba kulitazama lengo tu kama lililokwisha kupatikana hupunguza bidii, ilhali kuliweka lengo kando ya kikwazo chake humsaidia mtu kuchagua: ajitahidi au aache. Sala ya zamani ilikuwa na nafasi ya kikwazo hicho. Ilikitaja kabla ya kuomba.

5. Hitimisho

Sala ya zamani nayo ina kosa lake: "ni mapenzi ya Mungu" inaweza kuufunika mtaro ulioziba kama vile "ni fikra zako" inavyoufunika. Pia mkosoaji mwenye mshahara hana haki ya kumdharau mchuuzi asiye na bima anayejitia moyo alfajiri kwa maneno ya ushindi. Mipaka inayopendekezwa hapa ni myembamba. Rasimu za sera kuhusu mashirika ya kiimani nchini Uganda zimejishughulisha na usajili, uwazi wa fedha na elimu ya viongozi. Hayo hayafiki kwa anayefundishwa na simu yake, na dola haiwezi kusimamia hali za vitenzi. Inaweza, hata hivyo, kuhakikisha kwamba wanaotoa mikopo na kupokea malalamiko ya mafuriko sokoni wanauliza kuhusu hasara moja kwa moja, kwa faragha, bila kungoja mchuuzi aitamke mbele ya watu. Pale ambapo fundisho limemfunga mtu kinywa, takwimu za hasara zinazotegemea anayejitokeza mwenyewe zitakuwa pungufu.